Amana ya Mwaka Mmoja na Zamu ya Mabati

Mume wangu alikuwa fundi cherehani Kimisagara, mtaa wa Kigali, nami niliuza vitenge kwenye baraza ya duka lake. Vita vilipoanza kule kaskazini na bei zikaanza kupanda, tulikubaliana kwamba lazima tuwe na akiba ya dharura. Tulichogombania ni mahali pa kuiweka.

Yeye alitaka benki. Aliweka sehemu kubwa ya fedha zetu kwenye amana ya mwaka mmoja, riba ikiwa imepangwa tangu siku ya kwanza. Ukizitoa kabla ya muda, riba unaikosa. Mimi nilikuwa na ikimina, upatu wetu wa wanawake kumi na wawili. Kila mwezi kila mmoja alileta kiasi kilekile, na mmoja akabeba zote. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho.

"Ikimina iko watu," alikuwa akiniambia, "na watu wanahama."

Hapo hakukosea. Duru iliyotangulia, mwenzetu mmoja alibeba zamu yake mapema, kisha akaihama Kigali na watoto wake bila kuaga, na pengo lake tukaliziba wenyewe. Simlaumu sana, mitaani watu walikuwa wamejaa hofu. Ila sikukubali kushindwa. Nilimjibu mume wangu kwamba riba yake inakimbizana na bei ya sukari na haitaifikia. Alicheka, akaendelea kushona.

Kisha, Jumanne moja asubuhi, alianguka kando ya cherehani. Ngiri ya tumboni aliyokuwa akinificha ilikuwa imebana utumbo. Hospitali ilisema atapasuliwa siku hiyohiyo, lakini kwanza nilipe malipo ya awali, ninunue na nyuzi za kushonea kidonda, dawa na maji ya mshipani. Fedha zilikuwepo. Nilishika cheti cha amana, nikakimbilia benki nikiwa na khanga ya nyumbani.

Karani alikisoma, akanirudishia taratibu.

"Madamu, hii konti iko ya bwana yako. Anaweza kuivunja leo, riba tu ndiyo atapoteza. Lakini yeye mwenyewe ndiye anasinya." Alinionyesha mstari wa saini.

"Bwana yangu analala hospitali, hawezi hata kukaa."

"Basi angekupa prokirasiyo, karatasi ya kukuruhusu usinye. Hakukupa."

Hakuwa mtu mbaya, alifuata kanuni iliyomlinda hata mume wangu. Lakini niliichukia ile meza yake kwa moyo wangu wote. Tulikuwa na akiba, na mume wangu alikuwa anakufa.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa ikimina. Alifungua kasha la ingoboka, mfuko mdogo tuliouchangia pembeni kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Zilizokuwemo zilitosha dawa na nyuzi, si malipo ya hospitali. Kikao chetu kilikuwa bado mbali. Basi akanishika mkono, akanipeleka kwa mjane aliyebeba zamu Jumapili iliyopita.

Kila mtu alijua zamu ile ni ya mabati. Paa lake lilivuja, mtoto wake alikohoa, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Na kwa kanuni yetu, zamu ukishaibeba ni yako, hakuna wa kukulazimisha. Mwenyekiti alieleza kwa maneno machache.

Mjane alitazama juu, mahali palipolowa. Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha.

"Zamu yako ya mwisho itakuwa ya kwangu," alisema. "Shahidi ni huyu mama. Nenda, dada, usichelewe."

Mume wangu alipasuliwa kabla ya magharibi, akapona. Masika yote yule mjane alihamisha sufuria chini ya paa lake, na kila mvua iliponyesha sikupata usingizi. Zamu ya mwisho ilipofika alipewa zote, akanunua mabati. Mtoto alikuwa amekonda mno, lakini alikuwa hai. Nilimshukuru Mungu, na niliona aibu.

Mwaka ulipotimia, mume wangu alikwenda benki, nami nikafuatana naye. Fedha zilikuwepo zote, na riba yake, hakuna hata faranga iliyopungua. Alivyoniahidi, ndivyo benki ilivyotimiza. Nilitegemea anicheke. Badala yake aliziweka nusu kwenye amana tena, na nusu kwenye akaunti ya kawaida inayotolewa siku yoyote. Kisha akaomba prokirasiyo, ya zote mbili, kwa jina langu.

Karani, yule yule, alishangaa. "Bwana, unasafiri?"

"Hapana," mume wangu alisema, akiinama kusaini. "Nilishasafiri. Huyu na wenzake ndio walinirudisha."