Wanjugu Aliyesoma Karatasi Yote

Mtu akikuuliza ni nani aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote katika kijiji chetu cha Karurini, huku chini kwenye joto la Mbeere, usisumbuke kufikiri. Ni mimi, Baba Karimi. Niliishia darasa la saba, lakini hilo darasa nililifanya likanitambua. Kanisani nilisoma Zaburi mpaka wazee wakaamka. Barazani nilisoma majina ya watu wa mahindi ya msaada, maana nilikuwa katibu wa kamati, na nikitaja jina lako ulijisikia umetajwa kweli.

Sasa sikiliza habari za Wanjugu wa Njura, maana ni yeye ninayetaka kumwandika, ingawa mkono wangu haupendi.

Baba yake Njura alikuwa mtu wa mizinga. Alinuka moshi na asali, na maneno yake kwa siku yangeingia kwenye kisanduku cha kiberiti. Wanjugu alimfuata kwa tabia. Alimaliza kidato cha nne, akapata alama ambazo hakuna aliyeuliza, akarudi nyumbani kuuza pojo sokoni Siakago. Msichana mwembamba, viatu vya raba, kitambaa cheupe kichwani. Akipima pojo alisawazisha kopo kwa kiganja, hazidishi, hapunguzi. Wanawake walimwita mchoyo, halafu walirudi kununua kwake. Hayo ndiyo yote niliyoyajua juu yake mpaka mwaka wa tisini na sita.

Mwaka huo walikuja watu wa utafiti wa afya. Walitaka kuuliza kila mama aliyezaa, mzee kwa kijana: amezaa watoto wangapi, nani aliugua homa, nani alikufa na akiwa na umri gani. Walihitaji wahoji wawili wanaojua Kimbeere. Tulichukuliwa mimi na Wanjugu. Msimamizi wetu, Sista Gacheri, muuguzi kutoka upande wa Meru, mfupi, mwenye miwani ya kamba, alituambia wazi siku ya kwanza:

"Wiki tatu mtafanya kazi wote wawili. Baada ya hapo nabaki na mmoja kwa miezi minne."

Miezi minne! Nilimtazama Wanjugu nikamhurumia. Nilimhurumia kama paka anavyomhurumia panya.

Kabla ya swali lolote, ilikuwepo karatasi ya kuomba ruhusa. Wamama wengi wetu hawasomi, kwa hiyo sisi tuliwasomea, kwa Kimbeere, neno kwa neno. Inasema sisi ni nani na tunauliza kwa nini. Inasema mazungumzo yatachukua kama saa moja, na maswali mengine yanaweza kukuumiza moyo. Hatukupi dawa wala pesa. Unaweza kukataa, unaweza kuruka swali, unaweza kuacha katikati, na ukikataa hutapoteza kitu, si kwenye zahanati, si kwenye mahindi ya msaada. Utakayosema hayatatoka na jina lako. Ukiwa na lalamiko, mpelekee fulani, mahali fulani. Halafu unamwambia mama akurudishie kwa maneno yake mwenyewe alivyoelewa. Pembeni anakaa shahidi, mtu anayejua kusoma, asiye wa kwetu kikazi wala wa ile nyumba. Anafuata kwenye karatasi kama umesoma kweli, mama akikubali kwa mdomo unatia sahihi wewe na shahidi, kisha shahidi anaenda zake. Kidole cha wino hakikutakiwa. Tangu mashamba yapimwe na watu wapokonywe ardhi kwa alama ya kidole, huku kwetu ukimwonyesha mzee wino anaficha mikono kwapani.

Mimi karatasi hiyo niliiona ndefu. Tena ilikuwa na utovu wa adabu. Wewe unaingia boma la mtu, unaletewa kiti, unaletewa uji, halafu unamwambia mwenye boma, "Unaweza kukataa"? Kwetu hakuna mtu anayemfungulia mwenzake mlango wa kumnyima. Basi niliifupisha. Nilisimama, nikakohoa, nikasema, "Mama, wewe si unanijua? Hii ni kazi ya afya ya watoto wetu. Tuendelee?" Shahidi wangu alikuwa binamu ya mke wangu, alitia sahihi akitafuna majani yake ya muguka. Wote walikubali. Mpaka wiki ya tatu nilikuwa na nyumba thelathini na moja, na hakuna hata mmoja aliyenikatalia.

Wanjugu alikuwa na kumi na tisa. Wanne walikuwa wamemkataa.

"Wanne!" nilimwambia jioni moja tukirudi, nikicheka mpaka njiwa wakaruka. "Msichana wa Njura, hata nyuki wanamkubali baba yako. Wewe unakataliwa na kina mama?"

"Walisema hapana, Baba Karimi."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikawashukuru. Nikaweka alama ya hapana."

"Ungewabembeleza!"

"Karatasi haisemi nibembeleze."

Jibu gani hilo? Lakini lilinikera kuliko tusi. Na kilichonikera zaidi ni kwamba wamama walianza kumtafuta. Nilimkuta kwa Mama Mbaka, mjane mkali anayefukuza hata kuku wa jirani, amekaa naye chini ya mwembe wa uani, wamekaribiana vichwa. Nilipomhoji mimi, Mama Mbaka alijibu maneno kumi tu, tena amesimama. Nilipopita waliacha kuongea. Mimi, katibu, watu wananyamaza nikipita! Nilihisi kitu kama pilipili kifuani. Nikasema ni muguka.

Wiki tatu zilipotimia Sista Gacheri akaja na gari lake. Alichagua nyumba tano za kwangu na tano za Wanjugu, bila kutuuliza, akaenda mwenyewe. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimepiga viatu rangi.

Alirudi saa nane, akatuketisha nyuma ya bucha ya Mwaniki, mahali tulipokuwa tukila nyama.

"Baba Karimi," alisema polepole, "niliwauliza wale mama, mliambiwa nini kabla ya maswali? Unajua wa kwanza alijibu nini? 'Niliambiwa na mtu wa mahindi nijibu vizuri, jina langu lisitoke kwenye orodha ya mahindi.'"

"Uongo! Sikusema hivyo hata siku moja!"

"Ulisoma mahali panaposema ukikataa hupotezi mahindi?"

Nilitazama nzi kwenye kigogo cha Mwaniki.

"Basi mtu anayesoma majina ya mahindi akija mlangoni bila kusema hivyo, mama atafikiri nini? Wanne kati ya watano hawakujua wanaweza kukataa. Na shahidi wako ni shemeji yako. Fomu zako zote thelathini na moja naziweka kando. Hatuwezi kuzitumia."

"Lakini Sista, mimi sikukataliwa na mtu! Huyu amekataliwa na wanne!"

"Ndiyo," alisema Sista. "Wale wanne ndio wamenionyesha kwamba anasoma karatasi. Watu thelathini na moja kukubali wote, hata harusini haitokei. Na kosa ni langu pia. Sikupaswa kuajiri mtu wa mahindi kwa kazi hii."

Wanjugu hakucheka. Angecheka, leo ningekuwa nimemsamehe. Alitazama viatu vyake vya raba tu. Miezi minne ikaenda kwake.

Nyumba zangu zote alizianza upya, karatasi kutoka juu mpaka chini, na wamama saba walimkataa. Saba! Watu walewale walioniambia mimi ndiyo mara thelathini na moja. Nilipokutana nao njiani niliwasalimia kwa ubaridi.

Halafu ikabaki boma langu. Mama yangu, Kanana, alikuwa kwenye orodha tangu mwanzo, ila mhoji hahoji wa kwao, kwa hiyo nilikuwa nimempisha. Wanjugu alikuja asubuhi na Mwaniki kama shahidi. Mwaniki alikuwa ameacha koti lake la damu buchani. Mama alikuwa akipepeta mtama. Nilikuwa nimevaa vizuri na nimeketi kwenye kiti cha mbele. Hapa kwangu, nilijiambia, nitasikia huyu msichana anasemaje mpaka watu wanamfungulia vifua.

Alisoma. Sauti yenyewe ya kawaida tu, kama mtu anayesoma bei ya chumvi! Lakini hakuruka neno. Mwaniki alifuata kwa kidole kinene mstari kwa mstari. Alipomaliza, akamwita mama kama tunavyoita bibi, "Cucu, niambie sasa umeelewa nini."

"Ameelewa," nilisema. "Anakubali. Endelea."

"Nimemuuliza yeye, Baba Karimi."

Mama aliweka ungo chini. "Nimeelewa unataka kujua watoto niliozaa. Huna dawa. Nikichoka nasema tosha. Nikikataa mahindi yangu yako palepale." Akanitazama. "Na nitakayosema hutampa mtu."

"Sitampa mtu, Cucu."

"Hata huyu?"

"Hata huyu."

"Basi nakubali. Lakini huyu aende kwa mbuzi kwanza."

Mwaniki alitia sahihi akijizuia kucheka, akarudi kwa nyama yake. Nami, kifungua mimba wa Kanana, kichwa cha boma, nikaenda kwa mbuzi.

Zizi liko mbali kiasi cha kuona na kutosikia. Niliwaona. Sasa, ile fomu nilikuwa naijua: kila mtoto ana ukurasa wake, kuanzia wa kwanza kuzaliwa. Sisi kwa mama tuko sita, wanne tulio hai na wawili waliokufa wadogo, ambao majina yao nayajua. Nilihesabu kurasa zikigeuzwa. Ule wa kwanza ulichukua muda mrefu kuliko zote. Mama aliongea akitazama chini, halafu akajifuta uso kwa upindo wa leso. Wanjugu aliweka kalamu chini, akangoja, hakuandika kitu. Kisha kalamu ikaendelea. Moja, mbili, tatu. Nikafika sita. Wanjugu akageuza tena.

Saba.

Nilimngoja njiani. "Wanjugu, uliharibu ukurasa mmoja?"

"Kwaheri, Baba Karimi."

"Nauliza kama mtu wa kazi. Mimi ni mtoto wake wa kwanza, nina haki."

"Muulize mwenyewe Cucu."

Nilimuuliza. Mama alisema mtama hauwezi kujipepeta. Nilimuuliza tena wakati wa mavuno, na tena alipoanza kuugua. Alinipapasa mkono tu, kama mtoto.

Alituacha mwaka wa tisini na tisa. Mazishini nilisoma historia yake, maana nani mwingine angesoma? Sauti ilitoka vizuri. Nilifika pale pa kusema, "Alijaliwa watoto sita, wa kwanza akiwa mimi." Nikainua macho. Watu mia tatu, na kati yao kitambaa cheupe. Nilimtazama Wanjugu usoni nikitafuta hata ukope uliotikisika.

Aliniangalia kama anavyosawazisha kopo la pojo. Hakuzidisha, hakupunguza.

Nikaendelea kusoma.