Bi Kesho na Yule wa Imebaki Kidogo

Wateja ndio waliombatiza jina la Bi Kesho, na hawakumwonea. Alikuwa mshonaji mwenye ulimi mtamu hata nzi walitua kidevuni mwake wakidhani wameona mzinga. Ukimpa kitambaa leo, ukirudi wiki ijayo atakupokea kwa mikono miwili: "Njoo, mwanangu, njoo! Gauni lako limekwisha, imebaki vifungo tu." Na hapo kitambaa kiko chini ya meza, kimekunjwa vilevile ulivyokileta, paka amekilalia. Wanasema mama mmoja alipeleka kitambaa cha nguo ya mwanawe mchanga, na aliyekwenda kuichukua ni yule mtoto mwenyewe, ana ndevu.

Lakini akishona, ameshona. Kila gauni lililotoka mkononi mwake alilipiga picha akaliweka kwenye ukurasa wake wa simu, na watu walikuja na picha zile kama mtu aliyetumwa sokoni: nataka hili, shingo ya lile. Ukurasa ule ndio ulikuwa duka. Kile chumba chenye cherehani kilikuwa jiko tu.

Basi siku moja akaletewa ujumbe kwamba ukurasa utafungwa asipouthibitisha. Akabonyeza, akaandika nenosiri lake, akaendelea kutia uzi sindanoni. Kumbe amemkabidhi mwizi ufunguo. Asubuhi yake akafungiwa nje, na kwenye ukurasa palepale, kwa jina lake na sura yake, mtu akawaambia wateja: "Wapendwa, nimepata biashara, weka pesa leo uvune mara mbili jioni."

Bi Kesho alisimama, akakaa, akasimama. Akatoka mlangoni akarudi. Siku ile alijichoma sindano kwenye kila kidole na kimoja alichoazima.

"Watu watalizwa kwa jina langu, wifi," akamwambia dada wa mumewe, aliyekuwa na duka la kutoa nakala ukuta wa pili. "Nani atanipa tena kitambaa chake?"

"Kaa kwanza, wifi. Unanitoboa sakafu."

Hakukaa. Akaomba simu ya mumewe, akaandika mahali pa watu wote: jamani nimeibiwa ukurasa, nani anajua dawa? Hata hajaiweka simu mezani, majibu yakamiminika. Mmoja anasema, "Mtafute Mtaalamu, alinirudishia wangu, Mungu ambariki." Wa pili anasema, "Mtafute Mtaalamu, alinirudishia wangu, Mungu ambariki." Wa tatu naye Mungu yuleyule, baraka zilezile. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sura. Mmoja alikuwa na picha ya ua, mwingine ya gari.

Mtu mwenye moto nguoni haulizi maji yametoka kisima gani. Akamwandikia Mtaalamu kwa simu yake mwenyewe.

Mtaalamu alikuwa na adabu! Mama kwa kila neno. Akataka ada ya kufungua faili, akatumiwa. Kisha akasema mwizi ameweka kufuli kubwa, inatakiwa ada ya mtambo wa kulivunja, akatumiwa. Kila Bi Kesho alipouliza, alijibiwa ngoja kidogo. Naye akangoja kama kuku anayetaka kutaga mahali pasipo na kiota: huku, kule, dirishani, jikoni, tena kwenye simu. Uji ukaungua. Suruali ya kinyozi ikatoka na mguu mmoja mrefu.

Siku ya pili Mtaalamu akamtumia picha: jina la ukurasa wake, na chini yake mstari wa kijani uliojaa karibu wote, tisini kwa mia. Chini ameandika: "Hongera mama yangu, kazi imekwisha, imebaki kidogo tu. Zitakuja namba sita kwenye simu yako sasa hivi. Nitumie nimalizie."

Na kweli, simu ikalia, namba sita hizo. Bi Kesho akaanza kuzinakili. Alipofika ya nne mkono ukakataa.

Imebaki kidogo tu.

Sentensi ile aliijua kama anavyokijua kiatu chake. Na mstari ule wa kijani? Yeye mwenyewe aliwahi kumning'inizia mteja mkono wa gauni la mtu mwingine, akamwambia, "Si hili hapa, mwanangu?" Katika maisha yake yote mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumnasa, mke wa kinyozi. Alisimama mlangoni akasema: "Shoga, usinionyeshe gauni. Nionyeshe kitambaa changu."

Bi Kesho akafuta namba zote nne, akaandika: "Mtaalamu, kama umeshafika ndani, nisomee ujumbe wa mwisho alioniandikia mke wa kinyozi."

Jibu likaja: "Mama, mfumo hauruhusu kusoma. Tuma namba haraka, dakika zinakwisha, akaunti itafutwa milele!"

"Wifi!" akapiga kelele, paka akaruka hadi juu ya kabati. "Wifi, njoo umwone mwenzangu! Hana kitambaa huyu! Hata mkasi hana!"

Wifi akaja mbio, akaisoma simu. "Umesoma kilichoandikwa chini ya hizi namba? 'Usimpe mtu yeyote.' Hizi si za ukurasa, wifi yangu. Ni za akaunti yako ya meseji. Ungempa, angeihamishia kwenye simu yake, kisha awaombe pesa ndugu zako wote kwa jina lako."

"Na ukurasa?"

"Hajaugusa. Ile picha hata mimi naichora dukani kwangu. Na wale waliomsifu ni yeye mwenyewe, amevaa kofia tatu."

"Mwongo mkubwa!"

"Wewe wa kusema," akajibu wifi, akaufungua mlango wa msaada wa kampuni yenyewe, ndani ya programu yao, mahali palipoandikwa kwamba akaunti yako imeingiliwa. Wakataka Bi Kesho ajirekodi uso, ageuke kulia, ageuke kushoto, wamlinganishe na picha zake.

"Bei gani?"

"Bure."

"Bure?" Akakaa, kwa mara ya kwanza tangu jana. Akasimama tena.

Maana kampuni ilisema isubiriwe, na mwizi bado alikuwa anauza mavuno yake. Halafu simu ikaleta ujumbe mwingine, wa mgeni mwenye picha ya mwanajeshi: "Pole mama, nimesikia umetapeliwa. Mimi huwarudishia watu pesa walizoliwa, ada kidogo tu." Matapeli walikuwa wameshapeana jina lake kama watu wanavyopeana habari za mti wenye matunda. Akamfungia mlango bila kumsalimu.

Ikabaki kazi moja, ya mdomo. Akawapigia wateja mmoja mmoja, akizunguka chumba, waya wa pasi ukimfunga miguu. "Si mimi yule. Usitume kitu." Alianza na mke wa kinyozi.

"Ah! Nilikuwa nimeshika simu nitume," akasema yule. "Nikajiambia, Bi Kesho na kuvuna leo jioni, wapi na wapi? Angesema kesho ningetuma."

Wifi alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Sasa shoga, maadamu umenipigia," akaendelea mke wa kinyozi, "gauni langu je?"

Ulimi wa Bi Kesho ukajipanga wenyewe, kama ng'ombe ajuaye njia ya zizini. Vifungo vilikuwa vimeshafika menoni. Akaitazama picha ya mstari wa kijani, bado iko wazi kwenye kioo.

"Sijakata," akasema.

Kule upande wa pili mke wa kinyozi akaibandika simu vizuri sikioni.

"Umesemaje?"

"Sijakata, shoga. Paka amelilalia."

Akamsukuma paka, akakivuta kitambaa kutoka chini ya meza, akatafuta mkasi huku simu ameibana kwa bega.