Aliyeitikia Shikamoo ya Lusia

Nina steshenari hapa Geita mjini, karibu na stendi, na CV za vijana wa mji huu zinapita mikononi mwangu. Nyingine nazipiga chapa mpaka huruma inaniisha. Kwa ya Lusia huruma haikuniisha.

Lusia ni wa Rwamgasa. Stashahada anayo, lakini alikuwa anashinda kwenye karasha, mashine inayosaga mawe ya dhahabu, na vumbi lilishaanza kumkohoza. Alikohoa hata akiwa amekaa kwenye benchi langu. Maabara ya Bwana Vipul, inayopimia wachimbaji sampuli zao, ilitangaza nafasi ya karani wa mapokezi, maombi yatumwe kwa Mzee Bujiku, karani mkuu. Tukatuma. Wiki ikaisha, kimya.

Lusia alitaka kwenda kusimama getini. Nikamwambia akae, tumkumbushe mzee kwa adabu. Nilifungua ile barua pepe yetu ya kwanza nikaijibia hapohapo, ili CV iwe chini yake na mzee asihangaike kuitafuta. Nikaandika kifupi: jina, nafasi aliyoomba, tarehe tuliyotuma, anaomba kujua kama maombi yamefika na usaili utakuwa lini, namba ya simu, asante. Hakuna kulalamika wala kulia shida.

Tuligombana kwenye salamu tu. Mimi nilitaka "Habari za kazi," kama watu wote wa ofisini. Yeye alikuwa amewahi kumpelekea mzee yule sampuli za tajiri wake, akamwona na mvi zake.

"Mama Nasibu, mzee kama yule nimwambie habari?"

Nilimcheka, nikamwambia ofisi si nyumbani kwa babu yake. Akakaza shingo. Basi nikaandika: Shikamoo Mzee Bujiku. Tukatuma Jumatatu.

Jumanne mchana jibu likaingia, kutoka anwani ya mzee. Maneno mawili tu: "Marahaba mwanangu."

Lusia alifurahi, ila hakujua ataitwa lini. Akapiga simu maabara kuuliza. Msichana aliyepokea akasema Mzee Bujiku alifariki wiki iliyopita na amezikwa Jumamosi.

Mimi ni mtu wa kanisani, mambo ya mizimu siyataki. Lakini niliisoma tena tarehe ya jibu lile. Nikaizima kompyuta, mteja akiwa amesimama na kitambulisho chake cha kutoa kopi. Lusia alimpigia mama yake Rwamgasa. Mama akamwambia arudi nyumbani siku hiyohiyo, kazi inayoitikiwa kutoka kaburini si ya kuifuata. Kurudi nyumbani maana yake karasha.

Kesho yake alikuja na begi lake kuniaga. Nikawasha kompyuta tuangalie mara ya mwisho. Lilikuwapo jibu jingine, kutoka anwani ileile: "Uko wapi mwanangu?"

Nilimshika mkono asijibu. Niliogopa kweli, sioni haya kusema. Lusia alilitazama lile swali, akakohoa.

"Aliyekufa hana vumbi, vumbi liko karasha," akasema, akaandika mwenyewe: Niko Geita, steshenari ya Mama Nasibu, karibu na stendi.

Tukakaa. Mchana ule mtu akasimama mlangoni, mwanamke amejifunga kaniki nyeusi, mkononi ana simu. Aliuliza yupi ni Lusia. Nikasahau hata kumwamkia.

Alikuwa Philomena, mjane wa Bujiku. Simu ya ofisi ilibaki nyumbani kwake, akawa anaichaji kwa sababu wengine walikuwa hawajasikia msiba. Barua za kazi ziliingia mfululizo, habari za kazi, habari za kazi, akaziacha. Ile moja ikamshinda.

"Mume wangu hakuacha shikamoo ya mtoto wa mtu ikae chini," alisema. "Nikaona nimwitikie."

Siku hiyo alikuwa anairudisha simu kwa Vipul, akataka kwanza kumwona aliyesalimia. Nilimpa kiti, nikampa pole, nikaona haya kwa kile kicheko changu cha Jumatatu. Alipofika maabara, Philomena alimwonyesha Vipul barua ile, na chini yake ikatoka CV. Lusia akaitwa kwenye usaili pamoja na wenzake, akapita.

Sasa, mpaka apatikane karani mkuu mwingine, anakalia meza ya mzee, na simu ile anaishika yeye. Juzi nilimpelekea bahasha, nikamkuta ameikodolea macho. Kijana mmoja wa Maganzo, aliyetuma CV wiki moja kabla, alikuwa anakumbushia kwa adabu. Ameanza hivi: Shikamoo Mzee Bujiku.

Nilimwambia amjulishe kijana kwamba mzee hayupo. Lusia alisema atamjulisha, lakini salamu kwanza. Akaandika, binti wa miaka ishirini na nne: "Marahaba mwanangu."