Masaa Manne ya Kila Usiku

Mume wangu alikuwa mtu wa injini ya kuzalisha stima pale boma ya Embu, wakati wa Emajensi, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikipigana na watu wa msituni. Injini haikuwa ya serikali. Ilikuwa ya kontrakta mmoja mzungu aliyepewa kazi ya kuangaza ofisi, nyumba za maafisa, na ua wa seng'enge wa kambi ya mahabusu iliyokuwa nyuma yake. Sisi tulipanga chumba kimoja karibu na mtaa unaoitwa Dallas sasa. Wakati ule palikuwa mashamba ya mahindi na vijumba vichache vya udongo.

Mimi ni wa Meru. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kwa hiyo yeye alipopewa kandarasi ya kutia sahihi, niliisoma mimi, neno kwa neno, kwa sauti. Shilingi mia na nne kwa mwezi, kwa siku ishirini na sita za masaa manane. Saa inayozidi manane italipwa moja na nusu. Kila saa kati ya kumi na mbili jioni na kumi na mbili asubuhi itaongezewa senti kumi. Nilimwambia, "Hii si mbaya." Akacheka, akaweka sahihi yake ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi wiki nzima.

Mwanzoni walikuwa wawili. Yeye aliwasha injini saa kumi na mbili jioni, mwenzake akampokea saa nane usiku, akaendelea hadi asubuhi na kupiga maji ya tangi kwa pampu. Kwa sababu ya kafyu mume wangu hakuweza kutembea kurudi nyumbani saa nane za usiku, angepigwa risasi, kwa hiyo alilala juu ya magunia pembeni ya injini mpaka kupambazuke. Hayo masaa ya kulala hatukudai hata senti. Kulala ni kulala.

Halafu yule mwenzake akachukuliwa. Askari walikuja nyumbani kwake, wakampandisha lori, ikawa basi. Kontrakta hakutafuta mtu mwingine. Alimwambia mume wangu aendelee peke yake mpaka asubuhi, naye nyapara wake angefika saa kumi na mbili kupiga maji. Jumapili pekee nyapara alishika injini usiku kucha.

Kila Jumamosi nyapara alijaza karatasi ya masaa ya wiki, akatia sahihi, akampa mume wangu nakala. Kuingia saa kumi na mbili, kutoka saa kumi na mbili. Mimi niliziweka pamoja na vyeti vya ubatizo. Mwisho wa mwezi akaja na shilingi mia na nne. Tena si kwamba ovataimu tu haikuwemo, hata zile senti kumi za usiku, ambazo zamani alilipwa bila maneno, zilikuwa zimekatwa.

Alienda kuuliza. Kontrakta akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuamuru, "Kafyu nakufunga ndani hata hivyo. Mimi lipa wewe kwa kulala?"

Mwezi wa pili akauliza tena. Wa tatu akauliza mbele ya nyapara, na nyapara akaangalia viatu vyake. Wiki hiyohiyo kontrakta alimwachisha kazi na kupeleka barua ofisi ya pasi, ile ya vibali vya kutembea, kwamba huyu si mtu wake tena. Siku zile, Mwembu bila mwajiri katika kitabu chake cha pasi alikuwa mtu wa kukamatwa njiani kama mbuzi aliyepotea. Hakufika hata nyumbani. Walimtia katika ileile kambi, achujwe, ajulikane ni wa upande gani. Alikuwa wa upande wa injini! Ukitoa Jumapili alizolala nyumbani, hakuwa na usiku hata mmoja wa kwenda kula kiapo cha wapiganaji msituni. Usiku mwingine wote ulikuwa kwa kontrakta.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nilijiuliza nalia nini wakati kuna ofisi ya kazi mjini.

Afisa wa kazi alikuwa mzungu kijana. Karani wake, aliyekuwa pia mkalimani, alikuwa mtu wa kwetu Meru, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Niliweka kandarasi na karatasi za masaa juu ya meza. Afisa hakuzigusa.

"Anasema mlalamikaji lazima aje mwenyewe," karani akanieleza.

"Mwambie mlalamikaji yuko pale," nikasema, nikaonyesha dirishani. Kambi ilionekana wazi, na watu wamechuchumaa kwa mistari. "Kama anamtaka, ni kutuma askari mmoja tu. Hata chai yake hapo mezani haitapoa."

Karani alitafsiri, nadhani aliondoa ile chai. Afisa akaangalia dirishani, kisha akavuta karatasi.

Niliambiwa nirudi baada ya wiki. Niliporudi, karani alikuwa amepiga hesabu, akanipitisha humo polepole, kwa Kimeru, akinyoosha kidole mstari kwa mstari. Mshahara wa mia na nne, gawa kwa masaa mia mbili na manane ya mwezi: senti hamsini kwa saa. Moja na nusu ni senti sabini na tano. Kila usiku masaa manne yamezidi: shilingi tatu. Nyongeza ya usiku, masaa yote kumi na mawili kwa senti kumi: shilingi moja na senti ishirini. Jumla shilingi nne na senti ishirini kwa usiku.

"Umenipunja," nikamwambia. Mimi nilikuwa nimepiga zangu nyumbani: hamsini na kumi ni sitini, sitini mara moja na nusu ni tisini, kwa masaa yale manne, halafu senti themanini za masaa manane ya kwanza. Nilipata nne na senti arobaini.

"Mama, soma hapa. Moja na nusu ni ya mshahara. Senti kumi inaongezwa juu ya saa, haizidishwi. Nikiandika yako, yule kontrakta atashika kosa hilo moja na kutupa karatasi yote."

Nilikasirika naye pia, lakini nilisoma pale alipoonyesha na ilikuwa hivyo. Miezi mitatu ilikuwa na siku sabini na nane za kazi. Nikamwambia mwenyewe aondoe siku tatu ambazo mume wangu alilala na malaria na nyapara akashika injini. Karatasi zilionyesha hivyo hata hivyo. Ikabaki sabini na tano. Shilingi mia tatu na kumi na tano. Niliisoma tena ile namba. Ilikuwa zaidi ya mshahara wa miezi mitatu. Mtu alikuwa amefanyishwa kazi miezi mitatu na kulipwa nusu yake, kisha akafungwa kwa kuuliza.

Kontrakta aliitwa. Alikuja na kofia mkononi na kitabu chake cha mishahara, ambacho kila usiku kilisema masaa manane. Hakupewa kiti kwanza, jambo lililonifurahisha, halafu akapewa, na mimi nikabaki nimesimama.

Alisema karatasi za nyapara ni za getini tu, mtu kaingia, mtu katoka. Kuwa ndani si kufanya kazi. Kafyu ilimzuia kutoka, na kafyu ni ya serikali, si yake. Baada ya saa nane mtu alilala kama alivyolala zamani. Alisema pia nusu saa ya chakula iondolewe kila usiku.

Karani alinitafsiria hayo yote kwa sauti isiyo na chumvi.

"Muulize afisa," nikasema, "nyumba yake iko ndani ya boma?"

Karani akasita. "Mama..."

"Muulize tu."

Akauliza. Afisa akasema ndiyo, bila kuelewa.

"Muulize taa zake zilikuwa zinazimika saa nane za usiku?"

Karani akauliza. Injini ile ilikuwa kuukuu, ilikuwa inataka kumwagiwa maji ya kuipoza na kuongezwa mafuta kila mara, la sivyo inazima. Hilo kila mtu wa boma alilijua kwa sababu zamani ilizimika na askari wakafyatua bunduki ovyo gizani. Kwa miezi ile mitatu haikuzimika. Afisa akamgeukia kontrakta, akasema naye kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, na shingo ya kontrakta ikawa nyekundu. Baadaye karani aliniambia afisa aliuliza nini: kama mtu alikuwa amelala, serikali ilikulipa taa za usiku kucha kwa kazi ya nani?

Kuhusu chakula, afisa alisoma kandarasi mwenyewe. Nusu saa haihesabiwi pale mfanyakazi anapopokelewa na mwingine. Hakukuwa na mwingine. Haikuondolewa.

Kontrakta alilipa wiki iliyofuata, noti na sarafu, juu ya meza ile. Nikanyoosha mkono.

"Bado," karani akasema, macho chini. "Zinatiwa sahihi na mwenyewe."

Nataka ieleweke nilivyokasirika. Pesa ziliwekwa ndani ya sefu ya ofisi, na mwenye pesa alikuwa nyuma ya seng'enge hatua chache kutoka hapo, na ilichukua karibu wiki tatu kupata ruhusa karani avuke uwanja ule na karatasi. Mtoto wetu alikuwa anakunywa uji bila maziwa. Usiku nilitazama zile taa za kambi. Kontrakta alikuwa amepata mtu mwingine wa injini, na taa hizo zilikuwa zinamulika mgongo wa mume wangu asitoroke.

Karani aliporudi na karatasi yenye sahihi, alinihesabia pesa mara mbili. Nikamuuliza karani mume wangu alisema nini.

"Aliuliza siku anazokaa humo nazo zitalipwa na nani."

Nililipa kodi ya chumba, nikanunua maziwa, blanketi na jembe. Zilizobaki nilizishona ndani ya mto.

Alitoka baada ya miezi kadhaa, hawakumkuta na kosa lolote, na hakuna aliyemwomba radhi. Siku ya pili nyapara alikuja nyumbani. Mtu mpya ameshindwa na injini, akasema, bwana yuko tayari kumrudisha na kumwandikisha kwenye pasi. Akatoa kandarasi mpya.

Mume wangu akanipa niisome. Shilingi mia na kumi kwa mwezi, kwa kazi ya usiku, toka jua kuzama hadi kuchomoza. Masaa hayakutajwa. Moja na nusu haikuwemo, wala senti kumi. Niliposoma hivyo nyapara akaangalia tena viatu vyake.

"Rudia," mume wangu akasema. Nikarudia.

Alikuwa amekonda, bila kazi, na bila jina la mwajiri kwenye pasi angeweza kukamatwa tena kesho yake. Niliogopa. Nusura nimwambie aweke sahihi.

"Mwambie bwana," akamwambia nyapara, "ajifunze kuimwagia injini maji mwenyewe."

Chifu wa kwao alituandikia pasi ya kurudi shambani. Tulihamia huko chini Mbeere, kwa wazazi wake, tukalima mtama na kunde kwenye ukame ule, kwa lile jembe nililolinunua kwa pesa zile.