Tangazo Nililomsomea Mzee wa Ng'ombe

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa mkuu wa nasari yetu pale Garsen, watoto watatu waliugua katika wiki moja. Walikuwa na homa, vidonda mdomoni, na malengelenge madogo kwenye viganja na nyayo. Muuguzi wa zahanati aliwatazama akasema ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Hauna dawa yake, huisha wenyewe baada ya wiki moja au siku kumi hivi. Kubwa ni mtoto aendelee kunywa.

Nikaandika tangazo kwa mkono, nikitumia karatasi za kaboni kupata nakala, nikaanza na Bismillahi kama alivyonizoeza marehemu baba. Mtoto mwenye homa abaki nyumbani. Arudi homa ikishaondoka bila dawa, anakula na kunywa vizuri, na malengelenge yamekauka. Ndugu yake asiyeumwa aje, ila aangaliwe. Watoto wasinywee kikombe kimoja. Mikono ioshwe kwa sabuni, hasa baada ya choo. Kwa kuwa wazazi wengi hawakujua kusoma, nililisoma kwa sauti barazani.

Kesho yake asubuhi akaja mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji, ambaye kila Ijumaa alituletea maziwa. Mjukuu wake wa kike alikuwa begani, viganja vimejaa malengelenge. Wa kiume, mzima kabisa, alimshika mkono. Mama yao alikuwa amefariki. Mzee na mkewe ndio waliowalea.

Nikamzuia mlangoni. "Mzee, jana si ulinisikia nikisoma?"

"Nimesikia sana, mwalimu. Nikasema, huyu amesoma vitabu, lakini mambo ya ng'ombe hajui."

Akina mama waliokuwa wakileta watoto wakacheka.

"Ng'ombe mmoja akishikwa na ugonjwa wa mdomo na kwato," akaendelea, "sisi hatungoji. Tunachukua mate yake kwa kitambaa, tunapaka wazima mdomoni. Wote wanaugua pamoja, wanapona pamoja, tunahama. Sasa huyu dada ameugua. Nataka kaka yake anywe kikombe chake leo. Na watoto wa hawa pia, kama wanataka. Bure!"

"Babu, zawadi hiyo kaa nayo," mama mmoja wa Kipokomo akamjibu.

Mimi sikucheka, maana nilijua kinachomsumbua. Mvua zilikuwa karibu, na baada ya siku nne angehamisha ng'ombe kwenda nyikani, mbali na zahanati. Aliogopa mvulana asije akaugulia njiani.

Nikamwambia, "Huu si ule wa ng'ombe, mzee. Na mtoto haugui siku ileile. Akiambukizwa leo, homa huja baada ya siku tatu mpaka sita. Ukimpa kikombe, utakuwa umempakia homa juu ya punda pamoja na vyombo."

Akahesabu kwa vidole.

"Wanalala mkeka mmoja?" nikamuuliza.

"Mmoja."

"Basi huenda ameshaupata, huenda hajaupata. Usimnyime nafasi ya kuuepuka."

"Ng'ombe hawangoji, mwalimu."

"Ng'ombe waende. Watoto wabaki hapa na bibi yao."

Akamtazama mvulana kwa muda mrefu. "Bibi yao atafurahi," akasema mwishowe. "Anasema mimi nakoroma."

Siku nne zilipopita, akaondoka na mifugo bila wao. Siku ya pili baada ya kuondoka kwake, mvulana akapata homa. Dada yake alikuwa ameanza kucheza tena, lakini yeye mdomo ulimuuma hata akakataa maji. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilikwenda kumwona. Siku moja bibi yake akaniambia hajakojoa tangu alfajiri. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba hiyo ni dalili ya maji kupungua mwilini. Tukakubaliana tujaribu kumnywesha kidogo kidogo, akikataa tumbebe mpaka zahanati. Nikampakata. Bibi akampa maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko kimoja, akangoja, kijiko kingine. Mimi nilikuwa nikisoma Fatiha kimoyomoyo. Kikombe kilikuwa kimefika nusu nilipohisi buibui langu limelowa, lina joto.

"Alhamdulillahi!" tukasema sote wawili, na bibi akacheka huku akilia. Nimepewa zawadi nyingi maishani. Ile bado naishukuru.

Mzee aliporudi kuwatazama, wajukuu wote wawili walimkimbilia. Akauliza homa ilianza lini, akahesabu tena kwa vidole. "Siku hiyo tulikuwa mahali hakuna hata maji," akasema taratibu, akamweka mvulana begani.

Tangu hapo, kila alipotaka kuhama, alipitia kwanza nasari, akasimama mlangoni na fimbo yake. "Mwalimu, kuna tangazo?" Kama lilikuwapo, alikaa chini nikamsomea lote, mpaka mwisho.