Sakafu ya Mama Kwenye Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi kwa mchoraji wa majengo, pale Homa Bay, chumba cha juu ya duka la mabati. Yeye alichora kwa rula. Mimi niligeuza michoro yake kuwa picha za kompyuta, ili mwenye kujengewa aione nyumba kabla ya jiwe la kwanza. Nilikuwa na maringo. Kijijini nani mwingine alijua kushika kipanya cha kompyuta?

Kina mama wa kikundi kimoja cha Karungu walitaka nyumba za wageni, za udongo, zenye sakafu ya kusiribwa kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Mchoraji akaniambia, "Hiyo sakafu lazima ionekane imepakwa kwa mkono. Ukileta kitu kama saruji watatukataa."

Nikamtumia mama yangu ujumbe asiribe chumba cha mbele, nitakuja kukipiga picha. Kwetu ni upande wa Asumbi. Nilipofika, sakafu ilikuwa imekauka na mama alikuwa ameketi kitini. Hakuinuka kunipokea. Nikadhani ananidekea, na mimi nilikuwa na haraka. Nikapanda juu ya meza, nikapiga picha, nikanywa chai nusu kikombe nikaondoka.

Picha iliposafishwa studio niliiingiza kwenye kompyuta, nikakata kipande cha mraba, cha kurudiwarudiwa hadi kifunike sakafu nzima ya nyumba. Upande wa dirisha ulikuwa umeng'aa kuliko mwingine, nikausawazisha. Kisha nikakisogeza kipande nusu kwenda kando na nusu kwenda chini, hivi kwamba kilichotokea kulia kiliingia kushoto, na kingo zote zikakutana katikati kama msalaba. Msalaba huo niliufuta polepole, nikichota rangi ya jirani na kuifunika, nikihakikisha kila upinde uliochorwa na kiganja cha mama unapita upande wa pili bila kukatika. Ukipanga vipande vya namna hiyo, huoni kinapoanzia wala kinapoishia.

Nilipanga vichache, nikasogeza macho karibu na kioo, nikakagua kila kiungo. Hakuna mshono. Katika kipande kulikuwa na alama ya kiganja kizima, vidole vimetanuka, kimezama na kuburuta kidogo. Niliiacha. Si tulitaka mkono? Sikurudi nyuma kuitazama sakafu nzima, maana niliona kutafuta mshono na kutafuta marudio ni kazi moja. Si kazi moja hata kidogo.

Kina mama walipokuja, mchoraji aliwawekea viti mbele ya mashine, nami nikafungua picha ya sebule, pana, imeangaliwa kutoka juu. Kiganja kilikuwa kila mahali. Kimejipanga safu kwa safu hadi ukutani, vidole vyote vikielekea upande mmoja. Masikio yaliniwaka moto. Mmoja akacheka, wenzake wakafuata, halafu kicheko kikaisha chenyewe.

Mwenyekiti wao, mama wa makamo, aliinama mpaka karibu na kioo.

"Nyathina, mwanangu, hii sakafu ni ya nani?"

"Ya mama mmoja tu huko nyumbani," nikasema.

"Huyu mama ameanguka. Alikuwa anasiriba, akaanguka, akajishika na huu mkono. Ona vile umeburuta. Hakuweza hata kurudi kupapaka."

Nikamwona mama kwenye kile kiti, na mimi juu ya meza nikimwambia asogeze miguu isiingie kwenye picha.

"Ni mama yangu," nikasema.

"Yuko na nani huko?"

"Peke yake."

"Na wewe uko hapa, si mbali. Nani anamsiribia?"

Ningeweza kusema nitaenda leo hii. Mchoraji, akidhani ananiokoa, aliingilia kati: "Mama, hiyo alama itatoka. Yeye anajua kuitoa."

Nami nikamshukuru moyoni, nikaishika kamba hiyo. Nikawaeleza wale kina mama, kwa Kiswahili changu cha ofisini, kwamba nitachota pinde safi kutoka sehemu mbalimbali, si sehemu moja, nisije nikazaa alama nyingine, nitafunika kiganja, nitapanga vipande upya na kuipunguza picha hadi sakafu yote ienee kwenye kioo, kisha nikae mbali na kukodoa macho nione kama kuna kitu kinajirudia.

"Na ukimaliza," mwenyekiti akauliza, "mtu hatajua alianguka?"

"Hatajua."

"Hata sisi?"

"Hata nyinyi," nikasema, na nilisema kwa majivuno.