Jozi ya Mwisho

Nikisikia mtu akisema "jozi ya mwisho", hata kama ni sokoni na anasema ukweli wake, naondoka bila kununua. Wenzangu huniambia nimezidi. Sawa, nimezidi. Wao hawakuwa pale.

Nilikuwa nimeajiriwa na duka la viatu Nyeri mjini, kuandika matangazo. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja ghorofani, maboksi yamepangwa mpaka darini, na biashara karibu yote ilikwenda kwa mtandao. Mtu akiwa Mukurweini au Wang'uru anafungua tovuti yetu kwa simu, anachagua kiatu, anabonyeza "weka kikapuni", analipa, nasi tunamtumia kwa gari. Lakini wengi walifika kikapuni wakaishia hapo. Tovuti ilikuwa na programu ndogo ya kuwatambua. Siku zinazofuata, mtu huyo akifungua simu aangalie picha za harusi ya binamu yake, katikati yazo anakutana na kiatu kilekile alichokiacha. Maneno ya kuandamana na hiyo picha ndiyo yaliyokuwa unga wangu.

Mimi ndiye niliyeshika pia simu ya wateja, kwa hivyo nilijua kwa nini wanaacha. Wengine waliogopa saizi. Wengine waliona gharama ya kutuma wakakimbia. Lakini wengi, hasa akina mama wa vijijini, hawakuwa wameacha chochote. Huku kwetu ukipenda kitu dukani na pesa ya mavuno ya kahawa haijatoka, unamwambia mwenye duka, "Niwekee." Anaandika jina lako juu ya boksi, analipandisha rafu ya juu, na hakuna atakayeligusa mpaka urudi. Hao mama waliona kikapu cha mtandaoni ni rafu ya juu. Walinipigia kuniuliza kama viatu vyao viko salama.

Basi nikaandika hivi: "Viatu ulivyoangalia bado vipo. Una swali kuhusu saizi au malipo? Tupigie." Nilijivunia maneno yale. Yalikuwa ya kweli na hayakumfukuza mtu.

Mwenye duka, kijana mtanashati anayependa kutuita "timu", aliyasoma akanitazama kama niliyemletea chai baridi.

"Hii haisukumi mtu," akasema. "Ati tupigie. Kwani sisi ni hospitali? Mtu lazima aogope kukosa."

Akaketi kwenye kompyuta yangu, kwenye kiti changu, akaandika mwenyewe: "Jozi ya mwisho! Kuna mtu anaitazama sasa hivi. Lipa leo au uikose." Akaamuru yawekwe kwa kila kiatu, hata kama stoo imejaa.

Nikamwambia wazi kwamba ni uongo. Nikamweleza habari ya wale mama wanaodhani wamewekewa. Alicheka. "Basi wakiambiwa mwingine anachukua, watakuja mbio. Umenipa wazo nzuri zaidi, madam." Nilikwenda msalani nikanawa uso, maana nilihisi nimepakwa kitu.

Baada ya siku chache alipanda ngazi mama mmoja kutoka upande wa Mukurweini, mrefu, mnene kiasi, amevaa viatu vyeusi vya mwanamume. Alikuwa anahema. Hata salamu alizikatisha.

"Hiyo viatu yangu haijaenda?" akauliza, akinionyesha simu. Pale palikuwa na picha ya kiatu cheusi cha kike, cha kufunika, saizi ya arobaini na tatu, na chini yake yale maneno.

Nilimtambua kwa sauti. Alikuwa amenipigia wiki iliyotangulia, na nilimwambia hakuna haraka, saizi yake tunayo tele. Alitaka viatu vya siku ya kuvishwa kitambaa cha chama cha akina mama kanisani kwao, mwezi uliofuata. Tangu awe mtu mzima alikuwa akivaa viatu vya mumewe, kwa sababu miguu yake haikupata viatu vya kike mjini. Siku hiyo, aliniambia, alitaka tu asimame mbele ya watu bila kuficha miguu ndani ya gauni.

"Shosho," nikamwita, yaani bibi, "si nilikuambia ziko?"

"Uliniambia. Lakini hii imekuja jioni, ikasema kuna mtu anaiangalia. Nikajua mmechoka kuniwekea." Akaketi. "Nimeuza mbuzi."

Nikamuuliza mbuzi gani. Ilikuwa mbuzi ya maziwa, ile ya mjukuu wake asiyeweza maziwa ya ng'ombe, akinywa anavimba mwili. Pesa ya kahawa ilikuwa itoke karibuni, lakini tangazo lilisema leo. Dalali wa mifugo alimwona ana haraka, na dalali akikuona una haraka umekwisha. Akamlipa alichotaka yeye.

Nilimwambia asilipe. Nilimwambia achukue hiyo pesa, arudi amtafute dalali hata sasa.

"Amepakia gari asubuhi," akasema. "Imeenda Karatina."

Mwenye duka alikuwa amesikia kila kitu. Akaja na tabasamu lake, akamwita "mum", akateremsha boksi. Aliliteremsha kutoka kwenye rundo. Maboksi ya saizi ile yalikuwa yamepandana pale kama matofali, maana ni wanawake wangapi wana mguu ule? Mama akayatazama. Akasoma namba ubavuni mwa moja, akasoma ya pili, ya tatu. Akavaa viatu, vikamkaa vizuri kabisa, akalipa taslimu pale kaunta, akashika vile vya mumewe mkononi akateremka ngazi polepole.

Alipotoweka, mwenye duka akanigonga bega. "Umeona? Hiyo ndiyo inaitwa tangazo." Nikaliondoa bega langu. Nikamwambia mtoto wa watu atakosa maziwa kwa sababu ya sentensi yake. Akajibu kwamba hakumtuma mtu kuuza mbuzi, akarudi kuhesabu waliobonyeza.

Nikaandika barua ya kuacha kazi alasiri hiyohiyo. Alinitaka nimalizie mwezi, nikakubali, kwa sababu kodi ya nyumba haijui hasira. Nilibaki nikishika simu tu. Maneno sikuyagusa tena.

Sasa, ile programu ilihesabu kwamba umenunua ikiwa umelipia kwenye tovuti peke yake. Aliyelipa taslimu kaunta, kwake bado ni mtu aliyeacha kikapu, na ataendelea kufuatwa mpaka mtu amtoe kwa mkono. Nilikuwa nimemwomba mwenye duka tuwe tunaingiza namba za wateja wa kaunta ili waondolewe. Alisema ni kupoteza wakati.

Wiki yangu ya mwisho simu ikalia. Ilikuwa sauti ya yule mama. Nikamuuliza kuhusu sherehe, akasema bado, viatu amevifunga kwa karatasi chini ya kitanda. Nikamuuliza mtoto. Akasema wanampa uji mtupu, analia usiku, atazoea.

Kisha akafikia alichonipigia.

"Mami, ile viatu imerudi kwa simu. Ati jozi ya mwisho, nilipe leo. Kila siku inakuja. Tafadhali ambia hao watu nilishachukua. Waambie waache kunitafuta, sina mbuzi ingine."